Pale Namba Inapobadilika

Msimu wa korosho unapoanza kusini mwa Tanzania, mkulima haleti mavuno yake yote kwa mkupuo mmoja. Korosho hudondoka kwa wiki nyingi, naye huziokota, huzianika na kuzipeleka kwenye chama cha msingi kidogo kidogo, leo gunia moja, wiki ijayo mawili. Kila zinapopimwa, karani huandika mstari mmoja kwenye kompyuta: namba ya mkulima, jina, tarehe na kilo. Kufikia katikati ya msimu, chama chenye wakulima mia mbili kinaweza kuwa na jedwali la mistari mia tisa na zaidi.

Siku ya kuhakiki kabla ya malipo, karani hulipanga jedwali hilo kwa namba ya mkulima ili mizigo ya mtu mmoja ikae pamoja. Hapo ndipo macho yanapoanza kuchoka. Namba 112 inafuatiwa na 112, kisha 112 tena, kisha 115, kisha 118 mara mbili, na skrini nzima inafanana kuanzia juu hadi chini. Ni rahisi mno kidole kuteleza na kilo za mtu mmoja zikasomwa kama za jirani yake. Wengi huamua kupaka rangi kwa mkono, au kuchora mstari mweusi kila mkulima anapokwisha. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na huharibika mara tu mzigo mpya unapoingia na jedwali kupangwa upya, kwa sababu rangi iliyopakwa kwa mkono huhama pamoja na seli yake na kwenda kukaa mahali pasipohusika.

Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote zina njia ya kuifanya kazi hiyo zenyewe. Kwenye menyu inaitwa `Conditional Formatting`: rangi au mstari unaotokea pale tu sharti fulani linapotimia, na kutoweka lisipotimia. Sharti linalohitajika hapa ni swali moja tu: je, namba iliyo kwenye mstari huu ni tofauti na iliyo juu yake? Kama ni tofauti, mkulima mpya ameanza. Swali hilo huandikwa hivi:

```
=$A2<>$A1
```

Alama mbili za katikati, ndogo na kubwa zikiwa zimeshikana, maana yake ni "si sawa na". Kilichobaki ni seli mbili na alama ya dola, na uzito wote wa jambo hili uko kwenye hiyo dola.

Tuseme safu ya A ina namba za wakulima, B majina, C tarehe na D kilo, na mstari wa 1 una vichwa vya habari. Mistari ya 2, 3 na 4 ni ya mkulima namba 112. Mstari wa 5 ni wa namba 115, aliyeleta mzigo mara moja tu. Mistari ya 6 na 7 ni ya namba 118. Fomula imeandikwa kwa ajili ya mstari wa 2, lakini programu haiishii hapo. Ikifika mstari wa 3 huisogeza fomula hatua moja chini na kuuliza kama A3 ni tofauti na A2. Zote ni 112, kwa hiyo haifanyi kitu. Mstari wa 5 unauliza A5 na A4: 115 na 112, tofauti, na mstari unawekewa alama. Mstari wa 6 unauliza A6 na A5, tofauti tena. Wa 7 unakuta 118 juu na 118 chini, unapita kimya.

Dola iliyo mbele ya herufi A inazuia fomula isisogee kulia. Karani anataka mstari mzima uwekewe alama, kuanzia namba mpaka kilo. Programu inapofika kwenye seli D5 ni lazima iendelee kuangalia safu ya A, kwa sababu mabadiliko ya namba ya mkulima ndiyo yanayotafutwa. Dola ikisahaulika, D5 italinganishwa na D4, yaani kilo na kilo. Kwa kuwa ni nadra mizigo miwili kulingana uzito, safu ya kilo itajaa alama karibu kila mahali, safu ya tarehe nayo itakuwa na zake, na jedwali zima litaonekana kama limemwagiwa rangi ovyo. Kosa la upande wa pili ni kuweka dola mbele ya namba za mstari pia, `=$A$2<>$A$1`. Hapo fomula haisogei kabisa. Kila mstari unauliza swali lile lile la mstari wa 2, na kwa kuwa namba 112 siku zote ni tofauti na neno "Namba" lililo kwenye kichwa, jedwali zima linapakwa rangi moja.

Hatua zenyewe kwenye Excel ni chache. Bofya seli A2, buruta mpaka seli ya mwisho ya safu ya D, kisha nenda `Home`, `Conditional Formatting`, `New Rule`, na uchague `Use a formula to determine which cells to format`. Andika fomula kwenye kisanduku kinachofunguka, bonyeza `Format`, chagua alama unayotaka, maliza. Kuna kero ndogo hapo: ukitaka kurekebisha herufi moja ndani ya kisanduku hicho na ukabonyeza mshale wa kushoto, Excel hudhani unachagua seli na kukuingizia anwani usiyoitaka katikati ya fomula. Bonyeza F2 kwanza, mishale itatulia. Kwenye Google Sheets njia ni `Format`, `Conditional formatting`, kisha kwenye orodha ya masharti unashuka mpaka `Custom formula is`. Fomula ni ile ile.

Sehemu inayowaangusha wengi ni ile ya kuchagua seli, kabla hata fomula haijaandikwa. Excel husoma fomula kama imeandikwa kwa ajili ya seli uliyoanzia kubofya, ile inayobaki nyeupe wakati nyingine zote zimepata kivuli. Ukianzia A2, `=$A2<>$A1` ina maana ya "huu na wa juu yake". Lakini mtu mwenye haraka hubofya herufi za safu, A mpaka D, ili achukue zote kwa mara moja. Seli ya kuanzia sasa ni A1. Fomula ile ile inageuka kuwa "wa chini yangu na mimi mwenyewe", na alama zote zinapanda hatua moja. Badala ya kukaa kwenye mzigo wa kwanza wa kila mkulima, zinakaa kwenye mzigo wa mwisho wa aliyemtangulia. Jedwali bado linapendeza machoni, na kwa sababu hiyo kosa hudumu. Namna ya kuligundua ni kutazama kundi moja unalolifahamu: katika mfano wetu, mstari wa 4 ukiwa na rangi na wa 6 ukiwa hauna, sheria imeanza mahali pasipo pake.

Kinyume chake hutokea ukiburuta kutoka chini kwenda juu. Ukifungua `Manage Rules` baadaye unaweza kukuta fomula imebadilika na kuonyesha anwani kama `$A1048576`. Hiyo si hitilafu ya mashine. Jedwali la Excel lina mistari 1,048,576 tangu toleo la 2007, na programu ikiombwa kutazama juu ya mstari wa kwanza huzunguka na kutokea kwenye wa mwisho. Ukiona namba hiyo, futa sheria, bofya A2, uanze upya.

Sheria ikishafanya kazi, linakuja suala ambalo kompyuta haiwezi kulijibu: ni safu gani ilinganishwe? Jina ndilo linaloonekana la kawaida, maana karani anawajua watu wake kwa majina. Lakini jina ni mlinzi dhaifu wa mpaka. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo wakina Hamisi Saidi wawili wasio ndugu. Jedwali likipangwa kwa jina, mizigo yao itafuatana, na kwa kuwa jina la juu na la chini ni sawa herufi kwa herufi, hakuna alama itakayotokea kati yao. Watu wawili wanakuwa mmoja, na anayejumlisha kilo kwa kufuata alama anampa mmoja haki ya wote wawili. Namba ya uanachama haina tatizo hilo. Mahali pasipo na namba, unaweza kulinganisha safu mbili kwa pamoja, mathalani jina kwenye safu ya B na kijiji kwenye E, hivi:

```
=OR($B2<>$B1,$E2<>$E1)
```

Yaani alama itokee jina likibadilika, au kijiji kikibadilika, au vyote viwili.

Upande wa pili wa udhaifu wa jina ni alama zinazotokea pasipotakiwa. "Saidi" na "Said" kwa karani ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni wawili. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, kwa kuwa Excel inaona "TANDAHIMBA" na "Tandahimba" kuwa sawa. Kinachosumbua ni kile kisichoonekana: nafasi moja iliyobonyezwa baada ya jina, karani akitaka tu kusogea. Seli mbili zinafanana kabisa kwenye skrini, lakini moja ina herufi kumi na nyingine kumi na moja, na mpaka unachorwa katikati ya mizigo ya mtu mmoja. Ukishuku hivyo, andika `=LEN(B5)` kwenye seli tupu, kisha `=LEN(B6)`, ulinganishe idadi ya herufi. Dawa ni kuzivua nafasi za pembeni ndani ya sheria yenyewe:

```
=TRIM($B2)<>TRIM($B1)
```

Dawa hiyo haimalizi kila kitu. Majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti mara nyingi huja na aina nyingine ya nafasi, herufi namba 160, ambayo `TRIM` haiigusi. Hiyo ni bora kuiondoa kwenye data yenyewe, kwa kuinakili kutoka ndani ya seli moja na kuibandika kwenye `Find and Replace`, kuliko kurefusha fomula.

Namba nazo zina ugonjwa wao. Namba 118 iliyoandikwa kwa kawaida na 118 iliyohifadhiwa kama maandishi ni vitu viwili tofauti machoni pa Excel, hata kama macho ya mtu hayaoni tofauti. Hutokea sana pale orodha ya wakulima inapotoka kwenye mfumo mwingine na ya mizigo inaandikwa kwa mkono. Tena hapa madhara ni makubwa zaidi ya mpaka wa uongo, kwa sababu Excel inapopanga kutoka ndogo kwenda kubwa hutanguliza namba zote halafu maandishi. Mizigo miwili ya mkulima 118 inaweza kukaa juu ya jedwali na wa tatu ukatupwa mistari mia nane chini, ukiwa na alama yake kamili kama vile ni wa mtu mwingine. Dalili ziko mbili: namba halisi hulalia upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, na mara nyingi kona ya juu kushoto ya seli yenye namba ya maandishi huwa na pembetatu ndogo ya kijani. Kuzirudisha kuwa namba, chagua safu nzima, nenda `Data`, `Text to Columns`, kisha ubonyeze `Finish` bila kubadilisha chochote.

Kwa jedwali la mistari mia tisa hakuna atakayetazama kila mpaka kwa jicho. Kuna hesabu moja inayofanya ukaguzi huo kwa sekunde, nayo inatumia swali lile lile la sheria:

```
=SUMPRODUCT(--(A2:A900<>A1:A899))
```

Fomula hii, ikiwekwa kwenye seli yoyote iliyo pembeni, inahesabu ni mara ngapi namba ya mkulima ni tofauti na iliyo juu yake, yaani ni mipaka mingapi iliyochorwa. Katika mfano wetu mdogo wa mistari sita jibu ni 3: mstari wa 2, wa 5 na wa 6. Sasa karani anachukua leja ya wanachama na kuhesabu walioleta korosho msimu huu. Wakiwa 203 na fomula ikatoa 203, anaweza kuendelea. Fomula ikitoa 209, kuna mipaka sita ya ziada, na mara nyingi sababu huwa mojawapo ya tatu: jedwali halikupangwa vizuri, kuna namba zilizohifadhiwa kama maandishi, au kuna mstari mtupu katikati. Ikitoa 201, huenda wakulima wawili wameandikiwa namba za wenzao. Hesabu hii haimwambii kosa liko wapi, na makosa mawili ya pande tofauti yanaweza kufutana, lakini mara nyingi inatosha kumzuia asichapishe orodha mbovu.

Mstari mtupu unastahili neno lake. Mashuleni na maofisini watu wengi wamezoea kuandika jina mara moja tu, kwenye mstari wa kwanza wa kundi, na kuacha seli zilizo chini yake tupu ili karatasi ionekane safi. Sheria ya kulinganisha na ya juu huvurugika hapo. Mstari wa 2 una 112, wa 3 ni mtupu: tofauti, unapata alama. Wa 4 ni mtupu chini ya mtupu: sawa, hauna alama. Kila kundi lenye zaidi ya mstari mmoja linaishia kuwa na alama mbili, moja ya kweli na moja ya uongo. Namba lazima iandikwe kwenye kila mstari. Na kama ni usafi wa karatasi unaotafutwa, sheria iliyogeuzwa inaweza kuuleta bila kufuta kitu. Chagua safu ya namba na ya jina peke yake, andika `=$A2=$A1`, na kwenye `Format` uchague maandishi ya kijivu hafifu. Namba zinazojirudia zinafifia, ya kwanza ya kila kundi inabaki nyeusi, na data yote bado ipo kwa ajili ya kupangwa na kujumlishwa.

Kuhusu alama yenyewe, rangi ndiyo ya kwanza kufikiriwa, lakini kwa orodha itakayochapishwa kwenye printa ya wino mweusi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, mstari wa juu ya seli ni bora. Kwenye dirisha la `Format` chagua `Border` na ubonyeze ukingo wa juu tu. Excel hairuhusu ukingo mnene ndani ya sheria za namna hii, mwembamba tu, na Google Sheets hairuhusu ukingo kabisa, ni rangi na mitindo ya maandishi pekee. LibreOffice Calc ndiyo iliyo huru zaidi, kwa kuwa yenyewe hutumia mtindo kamili wa seli, na mtindo huo unaweza kuwa na ukingo wa unene wowote.

Wapo wanaopendelea kundi zima liwe na rangi, la kwanza kijivu, la pili jeupe, la tatu kijivu, ili mkono ufuate bila kupotea. Sheria yetu ya msingi haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa inajua tu mahali pa kubadilika, haikumbuki kundi lililopita lilikuwa na rangi gani. Inahitaji safu ya msaada. Kwenye E2 huandikwa:

```
=IF($A2=$A1,N(E1),1-N(E1))
```

Namba ikiwa sawa na ya juu, chukua tarakimu iliyo juu, ikiwa tofauti, igeuze, 0 iwe 1 na 1 iwe 0. Kazi ya `N` ni kulifanya neno lililo kwenye kichwa cha safu lihesabiwe kuwa sifuri. Fomula ikinakiliwa mpaka chini, mkulima 112 anapata 1, 115 anapata 0, 118 anapata 1. Sheria ya rangi inabaki kuwa `=$E2=1`, na safu ya E inaweza kufichwa.

Mpaka hapa tumekuwa tukitafuta makundi, ambapo kupanga jedwali ni lazima. Lakini swali lile lile lina kazi ya pili ambayo haihusu makundi: kuonyesha lini kitu kilibadilika. Nchini Tanzania mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, zikianza kutumika Jumatano ya kwanza. Kenya nayo ina EPRA, ambayo hutangaza tarehe 14. Mwenye daladala tatu au mashine ya kusaga anayeziandika bei hizo kila mwezi, safu ya A mwezi, B petroli, C dizeli, D mafuta ya taa, anataka kuona kwa mtupo mmoja wa jicho ni miezi gani bei ilisogea na ya mafuta yapi.

Hapa dola inaondolewa makusudi. Kila bei inapaswa kulinganishwa na ya juu yake kwenye safu yake yenyewe, petroli na petroli, dizeli na dizeli. Na badala ya sheria moja ya "tofauti", ni vizuri kuwa na mbili, nyekundu kwa iliyopanda na kijani kwa iliyoshuka:

```
=B3>B2
=B3<B2
```

Sheria imeanza kwenye B3, si B2, na kuna sababu. Mwezi wa kwanza kwenye jedwali hauna mwezi wa kulinganishwa nao, juu yake kuna neno "Petroli". Excel, katika kupima ukubwa, huhesabu neno lolote kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukianzia B2, mwezi wa kwanza utapakwa kijani na kutangaza kwamba bei imeshuka, wakati hakuna kilichoshuka. Kwenye orodha ya wakulima alama ya mstari wa kwanza haikuwa na madhara, kwani kweli kundi lilikuwa linaanza. Kwenye bei ni habari ya uongo.

Mpangilio wa wakati nao unageuza maana. Wengi hupenda mwezi mpya uwe juu ili wasishuke chini kuutafuta. Jedwali likiwa hivyo, seli ya juu ni ya mwezi unaofuata, si uliopita, na nyekundu itatokea pale bei ilipokuwa inaelekea kushuka. Anayetaka mpya juu ni lazima alinganishe na ya chini: sheria ianze B2 na iseme `=B2>B3`. Safari hii mstari wa kuachwa nje ya sheria ni ule wa mwisho kabisa, mwezi wa zamani kuliko yote, ambao chini yake hakuna kitu, maana seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri na mwezi huo ungeonekana umepanda.

Mwenye mashine anaweza pia kutoandika bei iliyotangazwa, bali kuikokotoa kwa kugawanya fedha alizolipa kwa lita alizopata. Seli zikiwa zimepangwa zionyeshe shilingi kamili, miezi miwili inaweza kuonekana sawa huku nyuma yake kuna senti tofauti, na rangi ikatokea juu ya namba mbili zinazofanana. Programu hulinganisha kilichohifadhiwa, si kinachoonyeshwa. Katika hali hiyo sheria iandikwe `=ROUND(B3,0)>ROUND(B2,0)`. Ugonjwa wa namna hiyo hukumba tarehe zilizobeba saa ndani yake, kama zile za taarifa za miamala ya simu: miamala miwili ya siku moja, ya saa mbili asubuhi na ya saa kumi jioni, ni thamani mbili. Ikiwa mpaka unatakiwa kati ya siku na siku, `=INT($C2)<>INT($C1)` huikata saa na kubakiza tarehe, ilimradi tarehe zenyewe zimehifadhiwa kama tarehe, si kama maandishi.

Yapo mawili ambayo sheria hii haiyawezi. La kwanza ni kuchuja. Karani akichuja jedwali lionyeshe mizigo ya Novemba tu, mistari ya Oktoba inafichwa lakini haiondoki, na Excel inaendelea kulinganisha na seli iliyo juu hata kama haionekani. Mkulima 118, ambaye mzigo wake wa kwanza ulikuwa wa Oktoba, anabaki na wa Novemba usio na alama, ukionekana kama mwendelezo wa mkulima aliye juu yake. Njia salama ni kunakili mistari iliyochujwa na kuibandika kwenye ukurasa mwingine, kisha kuweka sheria huko.

La pili hujitokeza taratibu. Kila mistari inapoingizwa katikati, kukatwa au kubandikwa kutoka kwingine, Excel huigawa sheria moja vipande vipande, na baadhi ya vipande huanza kulinganisha na mstari wa pili juu badala ya ule wa karibu. Baada ya mwezi, `Manage Rules` inaweza kuonyesha sheria kumi na tano mahali ilipokuwa moja, kila moja na eneo lake kwenye `Applies to`. Kubandika kwa `Paste Special`, `Values` hupunguza sana tatizo, kwa kuwa huleta thamani bila kubeba sheria za ulikotoka. Anayelazimika kuingiza mistari katikati kila siku anaweza kuiandika sheria kwa namna isiyotaja mstari wa juu kwa anwani yake:

```
=$A2<>OFFSET($A2,-1,0)
```

Fomula hii inamtaja mstari mmoja tu, wenyewe, na kumwambia Excel apande hatua moja kutoka hapo, popote mstari ulipo. Na vipande vikishazidi, hakuna haja ya kuvirekebisha kimoja kimoja: `Clear Rules`, `Clear Rules from Entire Sheet`, kisha sheria moja mpya kuanzia A2, baada ya kuhakikisha hakuna sheria nyingine kwenye ukurasa huo ambayo bado inahitajika.